Sketi ya Januari

Swali la wiki: "Nimepewa niiandike upya historia ya fundi aliyefungua duka la kushona nguo. Ni kurasa mbili na haina uhai. Niifupishe vipi ibaki na sauti yake?"

Kufupisha ndiyo sehemu rahisi. Kinachosumbua ni kwamba fundi akishikishwa kalamu huanza kuongea kama anaomba mkopo benki. Mama mdogo wangu ana fremu ya kushonea Temeke, na alitaka maneno ya kubandika kwenye banda lake la Sabasaba. Karatasi aliyonipa ilianza: "Kampuni yetu ilianzishwa kwa lengo la kutoa huduma bora za ushonaji kwa kuzingatia ubora, uaminifu na mahitaji ya wateja." Kampuni gani? Ni yeye, binti mmoja wa kutia vifungo, na ovaloki ambayo bado anailipia. Nilifunika neno "ushonaji" kwa kidole, nikaona sentensi iliyobaki ingemfaa hata muuza matairi. Nikafuta kila sentensi iliyokuwa hivyo. Ukurasa wa kwanza ukaisha wote.

Nikaweka karatasi pembeni, nikamuuliza nguo ya kwanza kulipwa ilikuwa ipi. Alijibu huku anapiga pasi, na hapo ndipo sauti ilipotoka. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa kesho yake. Jirani kaleta sketi ya bluu ya bintiye, ya dukani, inampwaya kiunoni. Cherehani ilikuwa ya kukanyaga, ya kuazima kwa dada wa chumba cha pili. Akafumua mkanda wa kiuno, akabana pembeni kulia na kushoto, na katikati ya mshono mkanda wa cherehani ukakatika. Akaufupisha, akauunga kwa waya, akaendelea kukanyaga.

Mimi nikaona nimepata dhahabu. Nikaandika usiku, koroboi, waya, machozi kidogo. Nilipomsomea akanikatiza: "Koroboi ya nini? Umeme tulikuwa nao, ulikatika tu usiku ule. Unataka wanihurumie au walete vitambaa?" Waya nao haukumgusa, maana kila fundi wa cherehani ya kukanyaga ameshaunga mkanda. Alichotaka kiandikwe ni kitu nilichokipita bila kukiona: kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani, akakishikiza kwa mishono mirefu, ili mwakani mtoto akiongezeka kiuno kifumuliwe na kuachiwa. Mama wa mtoto aliigeuza sketi, akaona, na jioni akarudi na jirani mwingine.

Nikabishana naye sana juu ya hilo, halafu nikaacha, kwa sababu maskini wa koroboi wako wengi kwenye matangazo, lakini uamuzi wa kutokata unamhusu mtu anayejua kitambaa. Tukafika hapa:

"Januari moja jirani aliniletea sketi ya shule ya bintiye, inampwaya. Niliibana usiku huohuo. Kitambaa kilichozidi sikukikata, nilikikunja ndani ili mwakani aachiwe. Mama yake aliigeuza, akaona, akaniletea mteja wa pili. Cherehani ilikuwa ya kuazima kwa dada wa chumba cha pili. Mpaka leo nguo zake simtozi."

Mtu anaimaliza akiwa amesimama anapimwa bega. Haina mwaka wa kuanzishwa, haina "sisi", na haisemi popote kwamba fundi ni hodari.

Sasa, zile sentensi mbili za mwisho. Mimi ningezifuta, mteja wa Sabasaba hahitaji kujua cherehani ilikuwa ya nani, na hadithi imeshatimia kwa mteja wa pili. Tena ndizo pekee ambazo mama mdogo alikataa ziguswe. Alisema yule dada hupita pale dukani na anajua kusoma. Kwenye bango ametajwa kwa jina, hapa nimeliacha. Kwa hiyo mimi ninayehubiri ufupi nasema ziache, angalau kama aliyesaidia bado yuko hai na bado anapita.

Kuna mahali ushauri huu hautafika. Kama fundi wako alianza na mwenzake wakagawana mashine kwa ugomvi, hadithi fupi itammeza mmoja wao, na huyo ndiye atakayekuja kuuliza. Msomeeni kabla ya kuchapa. Na kama mafundi wawili mtaa mmoja wataweka sketi ya Januari ukutani, yule wa pili atafute nguo yake nyingine. Hata suruali iliyoharibika itafaa, ilimradi aseme aliifidia vipi.