Nyumba haina namba, bodaboda nimwelekezeje?

Swali: Nipo Ujiji. Bodaboda akifika mtaani anazunguka, mwisho anarudi na mzigo. Nimwelekezeje?

Jibu: Anza na alama anayoijua kila bodaboda, kisha ushuke hadi getini. Mfano: "Ukitokea Mwanga kwa barabara ya Ujiji, ukiuona msikiti wa kijani kulia, ingia kichochoro kinachofuata. Hesabu nguzo tatu za umeme. Geti la bluu, mbele kuna mwembe." Taja anatokea wapi, maana akitokea upande wa pili kulia inakuwa kushoto. Genge usilitaje, likifungwa jioni, alama imepotea. Toa namba mbili, moja ya mtu aliyepo nyumbani. Apige akifika msikitini, sio akishapotea, nawe utoke usimame barabarani.

– Lokesheni ya WhatsApp inamaliza yote hayo.

– Inasaidia, ila itume ukiwa nje getini. Ukiwa ndani chini ya bati, pini huweza kuangukia mtaa wa nyuma. Na mwenye kitochi utamtumia nini?

– Mimi mzigo wangu bado uko ofisi ya basi, hapo nampigia nani?