Angalieni Kwanza Kitabu Kimepata Sifuri Ngapi

Klabu yetu ya vitabu ina watu 11. Mdogo wetu ana miaka 19, na mkubwa wetu ni bibi wa miaka 71, mwalimu mstaafu. Mwanzoni tulichagua kitabu kwa kunyoosha mikono. Vijana ni sita, kwa hiyo walishinda miezi mitatu mfululizo. Mwezi wa nne bibi alikuja na kitabu chake, na ile tiketi ya basi aliyoweka kama alama ilikuwa bado ukurasa wa 12. "Nimejaribu, mwanangu," akaniambia. Iliniuma. Mikono ilituonyesha wangapi wanakitaka kitabu, lakini haikutuonyesha wangapi watakiacha njiani.

Siku hizi anayependekeza kitabu husoma kwa sauti ukurasa mmoja wa katikati, maana kurasa za mwanzo hupambwa. Kisha kila mtu huandika alama kwenye karatasi: 2 ni nakitamani, 1 ni nitakisoma, 0 ni sitakimaliza. Kitabu chenye sifuri tatu au zaidi kinaanguka, hata kama jumla yake ni kubwa. Na karatasi isiandikwe jina. Hapa msilegeze: kijana gani atampa bibi sifuri mbele ya macho yake?

Mara ya kwanza tulishindanisha "Nagona" ya Kezilahabi na "Vuta N'kuvute" ya Adam Shafi. "Nagona" ilipata mbili 6, moja 1 na sifuri 4, jumla 13. "Vuta N'kuvute" ilipata mbili 3 tu, lakini waliobaki 8 wote waliandika moja: jumla 14, bila sifuri hata moja. Kwa mikono, "Nagona" ingepita.

Tulikaa na "Vuta N'kuvute" jioni nzima. Vijana walimshika Yasmini, msichana aliyeozwa mume mzee akamkimbia. Wazee walishika siasa za Zanzibar ya wakoloni. Baadaye wakaanza kubishana kuhusu ndoa ile ile, na bibi ndiye aliyemtetea Yasmini kwa ukali kuliko wote. Tangu hapo, nikipendekeza kitabu, najiuliza kwanza kama kina mambo mawili tofauti ya kuzungumza, moja la kila rika.

Ila mtindo huu una kasoro yake. Ukiufuata kila mwezi, mtasoma vitabu visivyomuudhi mtu, na vile vigumu vya ajabu havitapita kamwe. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu ya kura, mmoja wetu huchagua kitabu cha mwezi unaofuata peke yake bila kura, kwa zamu, na sharti ni moja: kitabu kiwe chembamba, ili hata asiyekipenda akimalize.

Kijana wetu wa miaka 19 zamu yake ilipofika alirudisha "Nagona", ambayo ni nyembamba kweli. Bibi alikuja na tiketi yake ikiwa ukurasa wa mwisho. "Sijaielewa," akasema, akavaa miwani. "Haya, mjukuu wangu, anza kunieleza."