Ugumu wa kifungu umejificha kwenye kitenzi

"Nafundisha gredi ya nne hapa Kisumu, watoto wengi nyumbani ni Kijaluo tu. Nataka kuandika vifungu vya ufahamu vinavyopanda ngazi. Je, nikifupisha sentensi inatosha? Na swali zuri nitalijuaje?"

Mwalimu, kufupisha hakutoshi. Mimi nilianza kwa kuhesabu maneno, matano kwa sentensi ngazi ya kwanza, kisha nikipanda. Hii ya maneno tisa watoto waliimeza bila shida: "Akinyi alienda Dunga na dada yake na mama yake." Hii ya manne ikawakwamisha: "Samaki aliowanunua walioza njiani."

Tazama a-li-o-wa-nunua. Neno ni moja, vipande ni vitano, na viwili kati yake, o na wa, vinamrudia samaki yuleyule. Kijaluo hakina ngeli za kupatanisha hivyo, basi mtoto haoni kwa nini samaki atajwe mara tatu.

Siku hizi nahesabu mzigo wa kitenzi. Ngazi ya kwanza kitenzi hubeba mtenda na wakati tu: "Akinyi alinunua samaki. Samaki walioza." Ya pili naongeza mtendwa: "Otieno aliwaona samaki, akawatupa." Rejeshi na kauli ya kutendwa nazingojesha hadi ya tatu: "Samaki walionunuliwa na Akinyi walitupwa." Kisa ni kilekile na msamiati ni uleule, ndiyo maana mtoto akikwama najua ni sarufi. Neno geni naruhusu moja tu kwa kila maneno hamsini hivi.

Maswali ndiyo yaliyonidanganya zaidi. Jaribu hili: "Mbulo alifuka kedi sokoni." Mbulo alifuka nini? Kedi! Umepata alama na hujaelewa chochote. Maswali yangu mengi yalikuwa ya namna hiyo. Mtoto anatafuta neno la swali ndani ya kifungu, ananakili linalolifuata. Nilikuwa nikitia alama ya vyema na kufurahi.

Mengine yalijibika bila kusoma kabisa. "Omena huvuliwa wapi?" Kisumu hii, nani asiyejua? Sasa nawauliza watoto wa darasa jingine maswali kabla hawajaona kifungu. Swali wanalolipata wengi nalifuta.

Linalobaki ni lile linalomlazimisha kusoma kiambishi. Niliandika: "Jioni Akinyi alipikiwa ugali na Otieno." Swali: "Nani alipika?" Aliyeruka ile -iw- hujibu Akinyi, kwa sababu jina lake ndilo lililotangulia kitenzi. Kosa lenyewe linakuonyesha pa kurudia kesho.

Ila majina yakiwa mawili, hata anayebahatisha ana nusu ya nafasi. Mimi huongeza mtu wa tatu, "Atieno akiosha vyombo", halafu nauliza pia nani alipikiwa. Akikosea moja kati ya hayo mawili, simhesabii kuwa ameelewa.