Kikombe cha kauri, stili au karatasi: joto linakwenda wapi, na ladha inaharibikia wapi

> "Kahawa ileile, saa ileile. Ya kwenye kikombe kizito cha kauri imepoa kabla ya ile ya karatasi. Si kauri ndiyo hutunza joto? Na mbona ya kwenye stili ina ladha ya chuma?"

Kauri kabla ya kutunza joto hulichukua kwanza, na linalochukuliwa ni la kahawa yako. Chukua kikombe cha gramu 350 kilichotoka kabatini kikiwa na nyuzi 25, ukamimina gramu 250 za kahawa yenye nyuzi 90. Kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji jouli 4.18, gramu ya kauri huhitaji takriban 0.9. Kwa hiyo kahawa yote inabeba jouli 1,045 kwa kila nyuzi, na kikombe 315. Vikishagawana, vyote vinatua karibu na nyuzi 75. Kumi na tano zimekwenda na hujanywa hata funda moja.

Kikombe cha karatasi kina gramu 12 hivi, hakina cha kuchukua, kahawa inabaki kwenye 89. Stili ya ukuta mmoja yenye gramu 120 inakuacha kwenye 86 au 87, maana gramu yake huhitaji nusu jouli tu. Kioo kinafanana sana na kauri, ila vikombe vyake mara nyingi ni vyepesi, ndiyo maana hasara yake huwa ndogo kidogo. Kwenye meza yako namba zitatofautiana, kwa sababu ukingo usioguswa na kahawa hubaki baridi na mvuke unatoroka wakati wa kumimina, lakini mpangilio ni huohuo.

Dawa ni kukipasha kikombe. Kijaze maji yaliyochemka hadi karibu na ukingo, yaache dakika mbili, mwaga, mimina kahawa papo hapo. Kikiwa na nyuzi 65, hesabu ileile inakupa 84 badala ya 75. Kusuuza kwa maji moto sekunde tano hakusaidii sana: ngozi ya ndani ndiyo inayopata moto, sehemu kubwa ya ukuta bado haijapata. Shika kikombe kwa nje. Kama hakijawa moto mkononi, bado. Kioo cha kawaida kilichotoka kwenye friji usikifanyie hivi, kinaweza kupasuka. Anza na maji ya uvuguvugu.

Baada ya hapo mwizi ni mwingine: uso wa kahawa. Gramu moja ikigeuka mvuke inaondoka na jouli 2,300 hivi, yaani gramu 250 zinapoa zaidi ya nyuzi mbili. Kikombe chenye mdomo wa sentimita 9 kina uso wa sentimita za mraba 64. Cha sentimita 7 kina 38. Ndiyo maana kile kipana kama bakuli kinapoza haraka hata kikiwa cha kauri nene, na ndiyo maana kifuniko, hata kisosi tu kilichogeuzwa juu, mara nyingi kinafanya kazi kubwa kuliko kubadilisha kikombe. Ukuta una usemi pia: karatasi na stili ya ukuta mmoja huunguza vidole, na joto linalokuunguza ndilo linalotoka.

Upande wa ladha, kwanza kabisa ni joto lenyewe. Kwenye nyuzi 80 ulimi unasikia moto na uchungu. Utamu na ukali wa matunda hujitokeza vizuri ikishuka kwenye 60 kurudi chini. Themosi ya kuta mbili inaiweka kahawa juu ya hapo kwa saa nyingi, na kahawa inayokaa moto muda mrefu huchachuka. Kwa maoni yangu themosi ni ya kubebea; ukifika, mimina kwenye kikombe.

Ladha ya chuma, sasa. Stili nzuri ina utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu unaoikinga na asidi ya kahawa, kwa hiyo usianze kuilaumu. Jaza maji safi ya moto, funika, subiri dakika kumi, kisha mimina kwenye kioo na uonje. Maji yakiwa safi, ulichokuwa unakisikia ni mdomo wako kugusa chuma chembamba chenye moto. Yakiwa na harufu, ng'oa mpira wa kifuniko uunuse: mara nyingi mafuta ya kahawa ya zamani yamejificha chini yake. Loweka kikombe na mpira kwa maji moto na kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, nusu saa, suuza. Kauri yenye nyufa nyembamba kama nywele kwenye king'arisho chake hushika mafuta vilevile, na hiyo haisafishiki kabisa.

Kikombe cha karatasi kina utando wa plastiki ndani, lakini kinachoharibu zaidi ni kifuniko chake: unakunywa kupitia tundu dogo, pua haipati harufu. Kibandue unapokunywa uone tofauti.