Mafunzo yameahirishwa, yamesogezwa au yamesitishwa?

*Swali: Ninasimamia makarani wa maghala ya korosho huku Masasi. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Mafunzo ya mizani ya tarehe 17 yamesogezwa mbele hadi wiki ijayo kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Mnaombwa kuendelea na majukumu yenu." Tarehe 17 makarani watatu wakafika, na wengine wakaniuliza kama mafunzo yamefutwa. Nilipaswa kutumia neno gani?*

Tumia "yameahirishwa". Neno hili linabeba mambo mawili kwa pamoja: shughuli bado ipo, ila siku yake imebadilika. "Kusitisha" ni kusimamisha jambo ambalo tayari linaendelea, na "kufuta" ni kuliondoa kabisa. "Kusogeza mbele" wengi hulielewa vizuri, lakini kumbuka kwamba tunasema pia "siku ya harusi inasogea", yaani inakaribia. Anayesoma harakaharaka akiwa juu ya bodaboda anaweza kudhani mafunzo yamekaribia.

Hata hivyo, sidhani kama kitenzi ndicho kilichowaleta wale watatu. Hakuna mahali ulipowaambia wasije. Tarehe pekee inayoonekana katika tangazo lako ni 17, nayo ndiyo waliyokuwa nayo kichwani tangu mwanzo. Tarehe ya zamani inahitaji sentensi yake ya kuikanusha, fupi na kavu: "Siku hiyo msije." Tarehe mpya nayo ipewe sentensi ya pili yenye jina la siku, tarehe na saa. "Wiki ijayo" huhama kila anaposoma mtu mwingine. Karani ambaye kijijini kwake mtandao ni wa kubahatisha akiupata ujumbe Jumatatu, wiki ijayo yake si yako tena. Saa nayo iandike "saa 2 asubuhi", kwa sababu "8:00" ya kwenye simu wengine wataisoma saa nane mchana.

Sasa sababu. "Zilizo nje ya uwezo wetu" ni maneno yaliyotumika mpaka yakachakaa, na msomaji akiyaona huanza kujijazia: posho hakuna, mkufunzi kagoma, mafunzo yamekufa. Bila shaka ndiyo maana waliuliza kama yamefutwa. Tuseme mizani mpya zinasubiri uhakiki wa Wakala wa Vipimo. Liseme hivyohivyo, ila uwe mwangalifu na njeo. "Mizani hazikuhakikiwa" inafunga mlango na kunusa lawama, kana kwamba kuna mtu hakutimiza wajibu wake. "Mizani bado hazijahakikiwa" inaonyesha kazi iko njiani. Silabi moja hiyo, -ja-, inamwambia karani kwamba kuchelewa huku kuna mwisho.

"Mnaombwa kuendelea na majukumu yenu" ni adabu tupu; hakuna aliyekuwa anapanga kuyaacha. Vilevile epuka kauli ya kutendwa, kama "orodha zihakikiwe", kwa kuwa kazi isiyo na mtendaji kila mtu humwachia mwenzake. Anza na "kila karani", kisha kitenzi chenye kiishio -e, kama alete na aandike, au kisichobadilika mwishoni, kama ahakiki. Ni agizo, lakini halina ukali wa "hakikini!" Na kwa kuwa msimu wa ununuzi haujafunguliwa, ipo kazi halisi ya kuwapa: wakulima hulipwa kupitia akaunti za benki, na namba moja ikikosewa kwenye daftari, malipo ya mkulima hukwama.

Ningeandika hivi:

"Ndugu makarani, mafunzo ya mizani yaliyopangwa kufanyika Alhamisi, tarehe 17 Septemba, yameahirishwa. Siku hiyo msije. Yatafanyika Alhamisi, tarehe 24 Septemba, saa 2 asubuhi, palepale ghalani. Mizani mpya bado hazijahakikiwa, na hatuwezi kujifunzia mizani isiyo na muhuri. Kabla ya siku hiyo, kila karani ahakiki majina na namba za akaunti za wakulima wa kijiji chake, kisha aje na daftari. Ukishasoma, jibu kwa jina lako."

Ile sentensi ya mwisho usiiache. Asiyejibu hadi jioni mpigie simu.

Kama tarehe mpya haijajulikana, usiandike "hadi mtakapojulishwa" ukaishia hapo. Taja siku utakayotoa taarifa: "Tarehe mpya nitaitangaza Jumatatu, tarehe 21." Na "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza" haiwafai wale watatu. Usumbufu wao umeshajitokeza, na wameulipia nauli. Kwao andika "uliojitokeza", na kama mfuko unaruhusu, warudishie nauli yao.