Miaka 10 au 14? Kanuni ya 70 na riba inayozaa riba

*"Nina 100,000 kwenye akaunti yenye riba ya asilimia 7 kwa mwaka na sina mpango wa kuigusa. Shemeji anasema itafika 200,000 baada ya miaka 14, maana 100 ukigawanya kwa 7 unapata 14 na kidogo. Mwenzangu kazini anasema ni miaka 10, eti kuna kanuni ya 70. Nani yuko sahihi, na hiyo 70 imetoka wapi?"*

Mkuu, shemeji yako na mwenzako wote wamepiga hesabu sawasawa, ila kila mmoja amehesabu akaunti ya aina yake. Shemeji anahesabu akaunti ambayo kila mwaka inatoa 7,000 ileile, haiongezeki wala haipungui. Hapo kweli utahitaji miaka 14 na miezi mitatu hivi kukusanya 100,000 nyingine. Mwenzako anahesabu akaunti ambayo riba ikishatoka inaingia kwenye mtaji, na mwaka unaofuata nayo inalipiwa riba.

Tuifuate hiyo ya pili mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kwanza unapata 7,000, salio linakuwa 107,000. Mwaka wa pili asilimia 7 inapigwa kwenye 107,000, kwa hiyo riba ni 7,490 na salio ni 114,490. Zile 490 za ziada ni riba ya riba, na mwanzoni zinaonekana kama chenji tu. Lakini mwisho wa mwaka wa 5 uko kwenye 140,255, wakati kwa hesabu ya shemeji ungekuwa na 135,000. Mwisho wa mwaka wa 10 una 196,715. Mwaka wa 11 peke yake unaleta riba ya karibu 13,770, yaani karibu mara mbili ya ile ya mwaka wa kwanza, na salio linafika 210,485.

Kwa hiyo 200,000 inapitwa ndani ya mwaka wa 11, takriban miezi mitatu baada ya mwaka wa 10 kuisha. Mwenzako ameikaribia sana, amepungukiwa na hiyo miezi mitatu tu. Ila kama riba yako inaingizwa mara moja tu kwa mwaka, salio utakaloliona kwenye akaunti litabaki 196,715 mpaka mwisho wa mwaka wa 11, kisha litaruka moja kwa moja hadi 210,485. Hesabu inasema miaka 10 na robo, lakini fedha yenyewe itakuja kwa tarehe ya kuingiza riba.

Sasa hiyo 70. Swali lako kwa lugha ya hesabu ni hili: 1.07 uizidishe yenyewe kwa yenyewe mara ngapi ndipo upate 2? Jibu linatoka kwenye logarithimu: unagawanya logarithimu ya 2 kwa logarithimu ya 1.07. Logarithimu asilia ya 2 ni 0.693. Nayo logarithimu asilia ya namba iliyozidi 1 kidogo tu, kama 1.02 au 1.03, inakaribiana sana na hicho kilichozidi, yaani 0.02 au 0.03. Basi muda wa kuongezeka mara mbili ni kama 0.693 ukigawanya kwa kiwango cha riba. Ukikiandika kiwango kwa asilimia, 0.693 inakuwa 69.3. Watu wakaipandisha kuwa 70 kwa sababu inagawanyika kirahisi kichwani kwa 2, 5, 7, 10 na 14.

Pengine umesikia pia wanaotumia 72. Hiyo ni ya zamani sana. Luca Pacioli, mtawa wa Italia, aliiandika kwenye kitabu chake cha hesabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, miaka 120 kabla logarithimu hazijachapishwa, na hakueleza ameipataje. Hazigombani. Riba inapoingizwa mara moja kwa mwaka, namba sahihi ya kugawanya inapanda kadiri kiwango kinavyopanda. Kwenye asilimia 2 ni 70 kamili, miaka 35. Kwenye asilimia 8 ni 72, miaka 9. Ukienda asilimia 20, 70 inakuambia miaka 3 na nusu wakati ukweli ni miaka 3.8, na kosa la namna hiyo si dogo tena.

Mimi sibadilishi namba. Nagawanya 70 kwa kiwango, kisha naongeza miezi mitatu. Kwako ni 70 ÷ 7 = 10, ongeza robo mwaka, 10.25, jibu halisi ni 10.24. Kwa asilimia 10 ni 7.25, na jibu halisi ni 7.27. Kati ya asilimia 5 na 15 sijaona ikikosea hata kwa mwezi mmoja. Robo hiyo inatokana na kwamba riba inasubiri mwisho wa mwaka kabla haijaanza kuzaa. Kama yako inaingizwa kila mwezi, usiongeze kitu: asilimia 7 iliyogawanywa kwa miezi 12 inakufikisha mara mbili kwa miaka 9.93, na 70 peke yake inatosha. Ukitaka kuhakiki kwenye jedwali la kompyuta, andika:

```
=NPER(7%,0,-1,2)
```

Itakupa miaka 10.24. Hiyo -1 ni fedha unayoweka, na 2 ni fedha unayotaka kuikuta.

Mpaka hapo hesabu imeisha, lakini iliyonigharimu mimi haikuwa hesabu. Niliwahi kuweka 500,000 kwenye amana ya muda maalumu kwa asilimia 8. Nikagawanya 70 kwa 8, nikaongeza miezi mitatu, nikapata miaka 9 kamili, nikaandika kwenye daftari mwaka ambao ningekuwa na milioni. Mwisho wa mwaka wa nne nikaenda kuangalia salio la amana. Nikakuta 500,000 ileile niliyoiweka.

Hakuna aliyeniibia. Kwenye fomu ya kufungulia amana kulikuwa na sehemu ya kuchagua riba iende wapi, ama iongezwe kwenye amana au ipelekwe akaunti ya kawaida, na mimi nilijaza akaunti ya kawaida bila kufikiri maana yake. Kila mwaka riba ilitoka, ikaingia kwenye akaunti ninayotumia kila siku, ikaliwa pamoja na matumizi mengine. Amana ilikuwa inajisasisha yenyewe, lakini kwa mtaji uleule.

Nilipokusanya taarifa zote nne nikagundua la pili. Kila mwaka ilikuwa imeingia 36,000, siyo 40,000. Asilimia 8 ya 500,000 ni 40,000, lakini asilimia 10 ya riba ilikatwa kodi kabla haijanifikia. Maana yake kiwango changu cha kweli kilikuwa asilimia 7.2, na hata kama ningejaza fomu vizuri, miaka 9 ya daftari ilikuwa ndoto. 70 ukigawanya kwa 7.2 na kuongeza robo ni karibu miaka 10. Kwa jinsi nilivyojaza mimi, kwa 36,000 kwa mwaka, na hata kama nisingegusa senti, ningesubiri karibu miaka 14. Ndiyo hesabu ya shemeji yako hiyo.

Tofauti kati ya njia hizo mbili haionekani mapema, ndiyo maana ilinipita. Baada ya miaka 4, kwa asilimia 7.2 inayozaa riba, ningekuwa na 660,312. Kwa riba inayotolewa nje, bila kuitumia, 644,000. Pengo ni 16,000 na kidogo. Lakini mwaka wa 10 njia ya kwanza iko kwenye kama 1,002,000 na ya pili kwenye 860,000. Nilibadilisha maelekezo ya amana wiki ileile, na ninachokijutia ni miaka minne ya kwanza, kwa sababu ndiyo ingezaa kwa muda mrefu kuliko yote.

Kwa hiyo namba unayoiweka chini ya 70 isiwe ile ya kwenye tangazo. Iwe kile kinachobaki na kuingia kwenye mtaji baada ya kodi na makato ya akaunti. Na angalia kipimo chake cha muda: ukiambiwa asilimia 1 kwa mwezi, 70 ÷ 1 inakupa miezi 70, siyo miaka. Tena kanuni hii ni ya fedha iliyowekwa mara moja ikaachwa. Ukiwa unaongeza kidogo kila mwezi, salio litafika mara mbili mapema zaidi, lakini hapo sehemu kubwa ni jasho lako na 70 haihusiki.

Kuna jambo moja hujaliuliza ila naona linakuhusu. 200,000 ya baada ya miaka 10 haitanunua mara mbili ya vitu unavyonunua leo kwa 100,000. Kanuni ileile inafanya kazi kwa bei: bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, zinafika mara mbili kwa miaka 14 hivi. Kujua lini akiba yako itanunua mara mbili, toa mfumuko wa bei kwenye riba kwanza. Saba toa tano ni mbili, na 70 ÷ 2 ni miaka 35. Ukipiga kwa usahihi inakaribia 37, kwa sababu kutoa namna hiyo ni makadirio. Usishtuke ukatoa fedha yako, maana ikikaa bila riba yoyote, kwa miaka hiyo 14 uwezo wake wa kununua unabaki nusu.

Kujua uko upande wa shemeji au wa mwenzako huhitaji kumuuliza mtu. Subiri taarifa ya mwaka wa pili, uweke riba ya mwaka huo kando ya riba ya mwaka wa kwanza. Ukiona 7,000 kisha 7,490, mwenzako ndiye anayehesabu akaunti yako. Ukiona 7,000 na 7,000, riba yako inatoka nje kama yangu ilivyokuwa, nenda ukaulize fomu yako inasemaje. Na ukiona 6,300 kisha kama 6,697, inazaa vizuri ila kuna asilimia 10 ya riba inakatwa njiani. Hapo gawanya 70 kwa 6.3, ongeza miezi mitatu, uhesabu miaka 11 na miezi minne.