Vitenge viwili kwenye gauni moja: maswali yenu

Nina yadi 3 za kitenge cha bluu iliyokolea chenye maduara makubwa ya machungwa na krimu. Nichanganye na kipi nishone gauni la harusi?

Anza na ukubwa wa maua, rangi zifuate. Maduara yako yakiwa na upana wa inchi 8, kitenge cha pili kiwe na maua ya inchi 1 au 2. Hapo jicho linatua kwenye maduara, na yale madogo yanabaki nyuma.

Kwenye rangi, chukua krimu uifanye rangi ya chini ya kitambaa cha pili, na vidoti vyake viwe vya bluu. Bluu hiyo iwe ileile. Bluu inayoelekea zambarau ikikaa kando ya bluu inayoelekea kijani, moja itaonekana kama imepauka. Kwa hiyo kata kipande kidogo ukingoni mwa kitenge chako, nenda nacho dukani, na kabla hujalipa toka nje na vitambaa vyote viwili uvitazame kwa mwanga wa jua. Taa za dukani hudanganya, na picha ya simu hudanganya zaidi. Bado kuna watu wanaagiza kitambaa cha pili kwa picha, kisha wanamlaumu fundi.

Yadi moja na nusu ya cha pili itakutosha. Sketi na kifua vitoke kwenye maduara; mikono, kola na mkanda wa kiuno vitoke kwenye vidoti. Mgawo wa theluthi mbili kwa moja unapendeza. Ukigawa nusu kwa nusu, gauni linaonekana kama kitambaa kiliisha katikati ya kazi. Mwambie fundi mapema kwamba duara lisiangukie kwenye titi. Alishushe, lije katikati ya sketi.

Kitenge chekundu kinaendana na rangi gani?

Swali hili linakuja kila mara, na halijibiki. Chekundu kipi? Maua yake yana ukubwa gani, na ndani yake mna rangi gani nyingine? Rangi ya kutafuta imo humo humo kwenye kitambaa chako. Tazama ile iliyotumika kidogo kuliko zote, uanzie hapo.

Nimeshona sketi na blauzi za vitenge viwili. Vyote vina nyekundu na kijani lakini nikivaa macho yanachoka. Kosa ni nini?

Rangi hazina kosa. Bila shaka maua yanalingana ukubwa, na vitambaa vinalingana ukolevu, hivyo hakuna kinachotangulia. Hakikisha hivi: vilaze pamoja, vipige picha, kisha uiondoe rangi kwenye simu ibaki nyeusi na nyeupe. Kama huoni sketi inaishia wapi na blauzi inaanzia wapi, ugonjwa ni huo. (Kwa kazi hii simu inafaa, kwa sababu rangi hatuipimi.)

Usifumue. Tenganisha vitambaa kwa mkanda wa kiunoni usio na maua, upana wa inchi 2, wa rangi iliyokolea kuliko zote zilizomo. Kwa vitenge vyako ni kijani kibichi au nyeusi. Ugonjwa usipopoa, sketi ivae na blauzi ya rangi moja, na blauzi yako na suruali.

Fundi anataka niongeze yadi moja kwa sababu eti maua ni makubwa. Ananiibia?

Hakuibii. Ua likijirudia kila inchi 12, hawezi kukata kipande cha kulia popote penye nafasi. Lazima akisogeze mpaka maua yakutane na ya kushoto kwenye zipu, na kila kusogeza kunaacha kitambaa kinachopotea. Ukimbania, utapata duara lililokatika mgongoni, nusu moja juu na nyingine chini. Kama fedha haitoshi, geuza mpango: maua madogo yashone gauni, makubwa yabaki mikononi.

Naweza kuchanganya kanga na kitenge?

Unaweza, mradi kanga ipate bitana kwa kuwa ni nyepesi, la sivyo kitenge kitaivuta mshono ujikunje. Pindo la kanga liende kwenye upindo wa sketi au mikono. Mji wake, yaani ile sehemu ya katikati, ukiwa na maua makubwa, kitenge kiwe cha maua madogo.

Na vyote viwili vifuliwe kabla ya kukatwa, kila kimoja kwenye beseni lake. Visiposinyaa kabla ya kushonwa, vitasinyaa baadaye, kila kimoja kwa kiasi chake, na mshono utakunjamana. Kisha lowesha kona ya kile kilichokolea, ifunike kwa kitambaa cheupe, upige pasi ya moto. Cheupe kikishika rangi, rudia kufua. Kikiendelea kuchuja baada ya kufuliwa mara tatu, usikishone kando ya krimu.